Meneja Akikosea Mishahara, Halafu Ukaambiwa "Rekebisha Tu"

Tuseme ni kampuni ya malori hapa Tanga. Ofisi ipo Chumbageni, gereji ipo Pongwe, na magari yanabeba mizigo ya bandarini kupeleka Korogwe, Moshi na Arusha. Tajiri ni mzee mwenye mambo mengi, kampuni kamwachia mpwa wake, kijana wa miaka ishirini na kitu, naye ndiye meneja. Wewe ni karani wa mishahara, umri wa mama yake. Asubuhi anakuamkia kwa adabu zote, na tarehe 25 anakuletea shiti ya mishahara yenye kosa lilelile la mwezi uliopita. Ukimwonyesha anasema: "Mama, wewe rekebisha tu hapo, mjomba asijue."

Mfano huu nimeutunga, ila hesabu zake ni za kweli na kauli hiyo utaisikia katika ofisi nyingi. Nimechagua mishahara kwa makusudi. Bosi akikosea tarehe kwenye barua, unaifuta na maisha yanaendelea. Akikosea mishahara, kuna dereva atakayekosa hela yake, kuna ritani itakayokwenda TRA na tarakimu za uongo, na kuna karatasi yenye sehemu iliyoandikwa "Imeandaliwa na" ambapo saini ni yako.

Kurekebisha kazi ya bosi ni sehemu ya ukarani, na hakuna ubaya ndani yake. Ubaya unaanza pale rekebisho lisipoacha alama popote. Miezi sita baadaye hakuna anayeweza kuonyesha nani alikosea na nani alisahihisha, na kwa kawaida lawama humwangukia mwenye cheo kidogo. Hatua zifuatazo zote zinalenga hilo: sahihisha, lakini sahihisho lionekane.

Hatua ya 1: Lijue kosa mpaka mzizi

Usiende kwa meneja na "naona kama hapa si sawa." Nenda na mfanyakazi mmoja na hesabu yake.

Kosa la meneja wetu ni hili: anakata PAYE kwenye mshahara ghafi wote, wakati sheria inataka kwanza utoe mchango wa mfanyakazi wa NSSF, asilimia 10, ndipo ukate kodi kwenye kinachobaki. Ni kosa la kawaida kwa mgeni wa kazi hii, na chanzo chake kinaeleweka. Tozo ya ufundi stadi, SDL, hukokotolewa kwenye mshahara ghafi bila kutoa kitu. Mtu akijifunza SDL kwanza, anachukua safu ileile ya Eksel na kuitumia kwa PAYE. Ukikijua chanzo, hata namna ya kumwambia inakuwa laini, kwa kuwa unaweza kumwonyesha njia aliyopita bila kumwita mjinga.

Viwango vya PAYE kwa mwezi, Tanzania Bara, tangu Julai 2021 ni hivi. Mpaka shilingi 270,000 hakuna kodi. Kinachozidi hapo mpaka 520,000 kinakatwa asilimia 8. Kutoka 520,000 mpaka 760,000 ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kilichozidi 520,000. Kutoka 760,000 mpaka 1,000,000 ni 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kilichozidi 760,000. Juu ya milioni ni 128,000 pamoja na asilimia 30. Kila Julai, Sheria ya Fedha mpya ikianza kazi, vihakiki upya kabla hujagusa shiti.

Sasa mchukue dereva wa mshahara ghafi wa 800,000. NSSF yake ni 80,000, kinabaki 720,000. Kodi ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya 200,000, jumla 60,000. Anapeleka nyumbani 660,000.

Meneja amekata kodi kwenye 800,000 yote. Hapo dereva ameruka daraja: 68,000 pamoja na asilimia 25 ya 40,000, jumla 78,000. Anapeleka nyumbani 642,000. Kapunjwa 18,000.

Fanya hivyohivyo kwa kila ngazi ya mshahara. Fundi wa gereji wa 600,000 anapaswa kukatwa 24,000 lakini amekatwa 36,000, kapunjwa 12,000. Mpakiaji wa 400,000 anapaswa kukatwa 7,200 lakini amekatwa 10,400, kapunjwa 3,200. Ikiwa kampuni ina madereva 6, mafundi 3 na wapakiaji 12, kwa mwezi mmoja watu hao 21 wamepunjwa shilingi 182,400. Hiyo ndiyo tarakimu ya kwenda nayo kwa meneja. Elfu tatu ya mpakiaji mmoja inaweza kuchekwa, lakini laki moja na themanini kwa mwezi hakuna anayeicheka.

Kisha rudi nyuma uangalie kosa lilianza mwezi gani. Hii ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Kama ni shiti ya mwezi huu ambayo haijaenda benki, kazi ni ndogo. Kama tayari kuna miezi iliyolipwa, una mambo mawili tofauti mkononi na usiyachanganye: kuzuia kosa lisiendelee, na kurudisha kilichokwisha kukatwa.

Hatua ya 2: Amua kama hili ni la kusitiri

Sisi watu wa pwani tumelelewa kusitiriana, na sisemi uache. Kuna makosa ya bosi ambayo kuyatangaza ni utovu wa adabu tu: jina la mtu kakosea herufi, jumla haijapangwa vizuri, barua ina lugha mbovu. Yanyooshe, usimwambie mtu, usiyakumbuke hata kesho.

Mimi hutumia maswali mawili. Kosa hili likibaki lilivyo, kuna mtu atapoteza hela au haki yake? Na je, kulirekebisha kunanitaka niandike kitu ambacho si kweli, kwa mfano tarehe ya nyuma, saini ya mtu mwingine, au tarakimu ya kufidia tarakimu? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, hapo sitara imekwisha na unaanza kuwa mshiriki. Kosa la PAYE linaangukia swali la kwanza. Ombi la meneja kwamba "mjomba asijue" linakusogeza taratibu kwenye la pili.

Hatua ya 3: Mwambie ana kwa ana, na mwache akokotoe yeye

Usianze kwa maandishi. Barua pepe ya kwanza juu ya kosa, hata iwe na heshima namna gani, kijana mwenye wasiwasi wa cheo ataisoma kama mashitaka. Mfuate akiwa peke yake, asubuhi kabla madereva hawajajazana mlangoni, wala usimwendee tarehe 30 jioni akiwa amebanwa.

Mbele za watu mwite meneja hata kama ni rika la mwanao. Mkiwa wawili unaweza kulegeza. Nenda na karatasi ya dereva mmoja, iliyo tupu upande wa hesabu, umwambie kitu kama hiki: "Meneja, naomba tuipige hii ya dereva mmoja pamoja, maana mimi jibu langu na lako yanapishana kwa elfu kumi na nane, na sitaki mmoja wetu aje aulizwe." Mpe kalamu. Akifika kwenye PAYE, muulize: "NSSF tumeshaitoa hapo?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe. Wengi wataliona wenyewe, na mtu aliyeliona kosa mwenyewe hana sababu ya kulitetea.

Asipoliona, mwonyeshe pale njia zinapoachana: SDL huku, PAYE kule. Usitaje miezi iliyopita katika kikao hiki. Kwanza akubali kanuni. Miezi iliyopita itakuja yenyewe siku ya pili, mara nyingi kutoka kinywani mwake.

Akisema ile sentensi yake, "Mama, wewe rekebisha tu," jibu liwe fupi: "Sawa, narekebisha, halafu nakutumia uione kabla haijaenda benki." Hujakataa amri na hujabishana. Umeahidi tu kwamba rekebisho litapita machoni pake. Na ile ya mjomba asijue usiijibu kabisa. Ukisema "sawa" umeahidi jambo ambalo huenda ukashindwa kulitimiza, na ukisema "hapana" umeanzisha vita ambayo bado haihitajiki.

Hatua ya 4: Acha alama kwenye shiti

Makarani wengi wazuri huharibu hapa. Wanafungua faili la meneja, wanasahihisha palepale, wanahifadhi. Faili la makosa limetoweka, na kwa rekodi za ofisi meneja hajawahi kukosea.

Faili alilokuletea usiliguse. Lihifadhi kwenye folda ya kazi ya mwezi huo kama lilivyo, kwa jina linalosema wazi, mfano `Mishahara_Machi_rasimu_meneja`. Fungua nakala, ndiyo uisahihishe, na uiite `Mishahara_Machi_iliyosahihishwa`. Kwenye nakala hiyo ongeza safu moja iitwayo "Tofauti", ionyeshe kwa kila mfanyakazi PAYE ya rasimu, PAYE sahihi, na kilichopishana. Chini andika sababu kwa mstari mmoja: "PAYE imekokotolewa baada ya kutoa NSSF asilimia 10." Usiandike jina la mtu wala neno "kosa". Tarakimu zinatosha.

Kisha ujumbe, barua pepe ya ofisi ikiwezekana, WhatsApp kama ndiyo njia mnayoitumia:

"Meneja, kama tulivyozungumza asubuhi, nimeirekebisha shiti ya Machi kwa kutoa NSSF kabla ya PAYE. Jumla ya PAYE imepungua kwa 182,400 na malipo ya wafanyakazi yameongezeka kwa kiasi hicho hicho. Nimeambatisha zote mbili. Naomba uipitie, nikipata idhini yako leo kabla ya saa tisa itawahi benki."

Ujumbe huo unataja mazungumzo yaliyofanyika, unaonyesha athari kwa shilingi, unamweka meneja kuwa mwidhinishaji, na una saa. Saa ni ya lazima, kwa sababu bosi asiyejua kazi mara nyingi hukosea na pia huchelewa. PAYE na SDL hutakiwa kulipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na NSSF ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika. Meneja akikaa na karatasi mpaka tarehe 9, atakayeulizwa mbona kontrol namba haikutoka mapema ni wewe, labda uwe na ujumbe wa tarehe 3 unaosema karatasi iko mezani kwake inasubiri saini.

Akikupigia simu badala ya kujibu, pokea, kisha mwandikie baada ya simu: "Asante meneja, umeridhia kwa simu sasa hivi, naipeleka." Haihitaji zaidi ya hapo.

Tahadhari moja juu ya kumbukumbu. Usijitumie shiti za mishahara kwenye barua pepe yako binafsi wala usipige picha salari slipu za watu ukaziweka kwenye simu. Hizo ni taarifa binafsi za wengine, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Zaidi ya sheria, siku mkigombana, hilo ndilo litakalokuwa kosa lako la kwanza kutajwa. Cha kubaki nacho nyumbani ni daftari la mkono: tarehe, ulichoona, ulichosema, ulichojibiwa, bila majina wala mishahara ya watu.

Hatua ya 5: Saini ile tu iliyo yako

Vocha nyingi zina sehemu tatu: imeandaliwa, imehakikiwa, imeidhinishwa. Wewe saini ya kuandaa, weka tarehe ya siku hiyo kwa mkono wako, basi. Bosi asiye na uhakika hupenda kukuachia uhakiki pia: "Nisainie na hapo, niko Dar." Ukisaini sehemu mbili, umetamka kwamba umejikagua mwenyewe, na mkaguzi wa hesabu hatatafuta mtu wa pili. Acha wazi, tuma picha ya vocha, omba idhini kwa ujumbe, kisha ujumbe huo uchapishwe ubanwe nyuma ya vocha mpaka atakaporudi kusaini.

Vocha tupu zilizosainiwa mapema na meneja "kwa ajili ya dharura" zirudishe. Zinaonekana kama heshima na imani. Siku hela ikipotea, anayezishika ndiye mshukiwa wa kwanza.

Hatua ya 6: Miezi iliyopita isifidiwe kichinichini

Sasa lile la nyuma. Tuseme Januari na Februari zimeshalipwa kwa kosa lilelile. Kwa miezi miwili wafanyakazi wanadai 364,800.

Meneja atakuja na wazo ambalo kwake ni la akili sana: "Mama, Machi tuwakate PAYE pungufu, yarudi, yaishe." Usikubali. Ukifanya hivyo, ritani za Januari na Februari zinabaki si sahihi, na ya Machi nayo unaiharibu kwa kukusudia. Ulikuwa na kosa la kutojua, sasa una uongo wa kupanga, na huu umeuandika wewe.

Njia safi ina sehemu mbili. Ritani za miezi hiyo zisahihishwe rasmi TRA, kila mwezi kwa jina lake. Nendeni ofisi ya TRA ya mkoa na majedwali ya tofauti mkaelekezwe utaratibu wa kusahihisha na wa kiasi kilicholipwa zaidi. Upande wa wafanyakazi, kampuni iwalipe kwa orodha ya nyongeza inayosema wazi "Marejesho ya PAYE iliyozidi, Januari na Februari", na mstari huo uonekane kwenye salari slipu. Kampuni ikae na madai yake kwa TRA, dereva asingojeshwe kwa kosa ambalo si lake.

Ni hapa ambapo tajiri hujua, kwa sababu laki tatu na zaidi lazima itoke mahali. Mwambie meneja hivyo mapema, kwa upole: afadhali mjomba asikie kutoka kwake leo kuliko kutoka kwa dereva barazani Ngamiani Ijumaa baada ya swala. Jitolee kumwandalia karatasi ya ukurasa mmoja atakayokwenda nayo. Vijana wengi, wakiwa na karatasi mkononi, hupata ujasiri.

Hatua ya 7: Lifungie mlango kosa lenyewe

Kama kila mwezi unasahihisha jambo moja, kasoro imehamia kwenye shiti. Weka kanuni ndani ya Eksel, seli ya NSSF na ya PAYE zifungwe kwa nywila, meneja abaki kuingiza mshahara ghafi tu. Ikiwa mshahara ghafi uko seli B2, weka NSSF C2, kinachotozwa kodi D2, na PAYE E2:

```
C2: =B2*10%
D2: =B2-C2
E2: =IF(D2<=270000,0,IF(D2<=520000,(D2-270000)*8%,
IF(D2<=760000,20000+(D2-520000)*20%,
IF(D2<=1000000,68000+(D2-760000)*25%,
128000+(D2-1000000)*30%))))
```

Ijaribu kwa 800,000. Ikileta 60,000 iko sawa. Kama Eksel yako inatenganisha kwa nukta mkato badala ya koma, badilisha. Nywila mpe meneja ndani ya bahasha, usikae nayo peke yako, la sivyo utaambiwa umeiteka kompyuta. Na akitaka kumwambia mjomba kwamba yeye ndiye aliyetengeneza utaratibu mpya, mwache. Hilo mimi nalihesabu kuwa sitara halali kabisa: sifa ya suluhisho haimpunji mtu.

Hatua ya 8: Likizo yako

Makosa yaliyofunikwa hufumuka aliyekuwa akiyafunika akienda likizo. Karani anakwenda Muheza kwa mazishi wiki moja, shiti inapita bila mkono wake, madereva wanafika dirishani na slipu. Meneja anajibu bila kupepesa macho: "Mishahara anaandaa mama, msubirini arudi." Wala huenda hadanganyi kwa nia mbaya. Kwa kuwa umekuwa ukisahihisha kimya, kwa kweli haamini kwamba shiti zake zina tatizo.

Kwa hiyo kabla ya likizo andika makabidhiano. Yawe ukurasa mmoja, yasainiwe na wewe na anayepokea, nakala kwa meneja. Taja tarehe za malipo, na kisha orodha ya "mambo ya kuhakiki kila mwezi kabla ya benki": PAYE baada ya NSSF, wafanyakazi wapya kama wameingizwa, waliotoka kama wameondolewa, jumla ya shiti kama inalingana na jumla ya benki. Marekebisho uliyokuwa ukiyafanya kichwani sasa yana karatasi. Kama humo ndani kuna jambo ambalo meneja hataki liandikwe, hapo umejua ukubwa wa tatizo lako.

Hatua ya 9: Ukibebeshwa

Mara nyingine huambiwi usahihishe, unaambiwa ulipe. "Tofauti ya Januari tukukate wewe kidogo kidogo, maana ndiye uliyeandaa." Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kienyeji hivyo. Hasara lazima iwe imetokana na kosa lako kazini. Mwajiri akuandikie chanzo, kiasi na jinsi alivyokikokotoa. Upewe nafasi ya kutosha kupinga. Na makato hayo yasizidi robo ya ujira wako. Tena inahitajika ukubali kwa maandishi, kwa hiyo karatasi yoyote yenye neno "nakubali kukatwa" isome polepole, uende nayo nyumbani, urudi kesho. Zile nakala mbili za shiti na ule ujumbe wa saa tisa ndiyo utetezi wako hapa.

Ukiambiwa uandike lisilo kweli, mfano kuweka tarehe ya nyuma kwenye vocha, kataa kwa jambo hilo moja tu na uendelee na kazi nyingine zote kama kawaida. "Meneja, tarehe nitaweka ya leo, na pembeni nitaeleza kwa nini imechelewa." Sheria hiyohiyo inasema kumwachisha mtu kazi kwa sababu amekataa kufanya kitu ambacho mwajiri haruhusiwi kisheria kumtaka akifanye si halali. Ulinzi huo una mipaka miwili ya kuijua mapema. Aliye na chini ya miezi 6 kazini hawezi kudai kuachishwa isivyo halali, kwa hiyo kama ndiyo kwanza umeingia, alama zako za maandishi ziwe nyingi na maneno yawe machache. Na ukiachishwa una siku 30 kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Siku hizo watu huzimaliza wakimtuma mshenga kwa tajiri. Mtume, lakini fomu nayo iende.

Kwenda kwa tajiri mwenyewe

Nimeiacha mwisho kwa sababu wengi huianza. Katika kampuni ya familia, unapomshitaki mpwa kwa mjomba unaingia kwenye udugu wa watu, na udugu una kumbukumbu ndefu. Mimi ningekwenda tu kama kosa limerudi baada ya meneja kuonyeshwa na kukiri, au nimetakiwa kuandika uongo, au tarehe ya TRA au NSSF inapita huku karatasi imekaliwa.

Mwambie meneja kwanza kwamba unakwenda. "Meneja, hili la Januari limenizidi, kesho nitamwona mzee, ningependa twende wote." Mara nyingi sentensi hiyo peke yake humaliza jambo. Akikataa, nenda. Msalimu mzee, kaa, mpe ukurasa mmoja wenye tarakimu tatu: wanachodai wafanyakazi, miezi inayohusika, na siku zilizobaki kabla ya tarehe ya malipo. Usizungumzie uwezo wa kijana wala alikosoma. Mzee akiuliza "kwani huyu mtoto hajui kazi?", rudi kwenye karatasi: "Mzee, mimi nimekuja na hili la PAYE, nahitaji uamuzi wako lilipwe kwa njia gani." Omba uamuzi, usiombe adhabu.

Akisema "nendeni mkamalizane," muulize kwa adabu kama unaweza kumwandikia meneja kwamba mzee ameelekeza marejesho yalipwe. Akikubali, andika leo hiihii, na nakala ipelekwe kwa mzee. Akikwepa, rudi kwenye meza yako uendelee na nakala mbili, safu ya tofauti na saini ya sehemu moja, na anza kuulizia kazi bandarini na kwingineko. Siku ya kuondoka kabidhi kompyuta, folda zote za miezi na bahasha ya nywila kwa orodha iliyosainiwa pande mbili, na dai cheti chako cha utumishi, ambacho mwajiri anawajibika kukupa hata kama mmeachana kwa ubaya.